Mteja anasema nimemtia hasara, bima niwaambie lini?

*Habari mtaalamu. Mi ni konsaltanti najitegemea. Nilimtengenezea mteja jedwali la eksel la kupiga bei ya zabuni, gharama zote jumlisha faida asilimia 10. Tukapeleka 396,000, akashinda, akasaini mkataba, wiki hii ndo kagundua jumla haikuchukua mistari mitatu ya mwisho. Bei sahihi ilikuwa 445,500. Aliyeshika nafasi ya pili alikuwa na 420,000, bei zilisomwa mbele ya wote. Sasa kanitumia imeili ananidai 49,500 yote, na kagoma kumalizia ada yangu (ilikuwa 6,000, kalipa nusu). Bima ya dhima ya kitaaluma ninayo, mwaka wa pili huu, inaisha baada ya wiki tatu. Nafikiria nimuombe radhi, nimrudishie ada yaishe, na bima nisiwaambie kwanza ili primiamu isipande. Kuna ubaya nikisubiri?*

Ubaya upo, tena mkubwa. Hiyo imeili iache kwanza, usiijibu kwa hasira wala kwa huruma, na leo hii au kesho asubuhi mpigie broka wako (kama hukupitia broka basi kampuni ya bima wenyewe) halafu umfuatishie kwa maandishi. Kuomba radhi na kurudisha ada ni uungwana, sikatai, ila ukiufanya huo uungwana kabla ya bima kujua unaweza ukajikuta unalipa kila kitu mfukoni kwako. Nimekaa meza ya madai miaka mingi, na mafaili mengi niliyoona yanakataliwa kazi yenyewe ilikuwa inateteeka kabisa, kilichoharibu ni zile wiki mbili za mwanzo baada ya mteja kulalamika.

Tuanze na hili la kusubiri maana ndo linakupoteza. Wengi tumezoea bima ya gari, ajali imetokea tarehe fulani, basi bima iliyokuwa hai tarehe hiyo ndo inahusika. Hii ya kwako kwa kawaida haiendi hivyo. Hii inaangalia siku ambayo dai limekufikia na wewe ukalitolea taarifa, haijali sana siku uliyokosea. Yaani kazi unaweza ukawa umeifanya mwaka jana chini ya bima ya mwaka jana, lakini mteja akikudai leo, bima inayobeba ni ya leo, ilimradi kazi yenyewe haikufanyika kabla ya ile tarehe ya kurudi nyuma iliyoandikwa kwenye karatasi ya mbele ya bima yako (iangalie, kwa mtu wa mwaka wa pili mara nyingi ni siku ile ya kwanza kabisa uliyokata bima, kama hukuruka mwaka).

Sasa fanya hesabu ya wiki tatu. Ukikaa kimya, bima ya sasa inaisha bila taarifa yoyote. Unahuisha, na kwenye fomu ya kuhuisha kuna swali moja ambalo halikosekani, linauliza kama unajua jambo lolote linaloweza kuzaa dai dhidi yako. Ukijibu hapana umesema uongo kwa maandishi na saini yako ipo chini. Ukijibu ndiyo, bima mpya inalitoa hilo jambo nje, kwa sababu hakuna anayekata bima ya nyumba ambayo tayari inatoa moshi. Na ya zamani imeshakufa. Kwa hiyo umelipa primiamu mbili na uko mtupu. Nilishaona kitu hiki kwa dada mmoja mtafsiri wa miongozo ya mitambo, mteja wake alimwandikia mstari mmoja tu, "hatujaridhika, tunaangalia hasara imefika wapi," yeye akaona ni maneno ya hasira yatapita, akahuisha bima, mwezi wa tano ikaja barua ya wakili. Mstari ule mmoja ndo ulimmaliza, maana bima mpya walisema ulikuwa unajua, na ya zamani walisema hukutuambia tukiwa hai.

Wewe hata huna mstari wa mashaka, una imeili yenye namba ndani yake. Hilo tayari ni dai, halihitaji wakili wala mahakama ili liitwe dai. Na hata asingetaja namba, akisema tu "umetutia hasara", nalo unalitolea taarifa kama jambo linaloweza kuzaa dai. Faida yake ni kwamba ukishalitaja wakati bima iko hai, likija kukomaa baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa bima nyingi linarudi kuhesabiwa kwenye bima ile ile uliyoitolea taarifa. Wiki tatu zako zinakutosha vizuri, ila soma na kile kipengele cha muda wa kutoa taarifa, baadhi zinasema "mapema iwezekanavyo" na nyingine zinataja idadi ya siku kabisa, na siku zinahesabiwa tangu ulipopokea imeili, sio tangu ulipopata moyo wa kuifungua.

Taarifa yenyewe isikutishe, sio insha. Andika namba ya bima, jina la mteja, kazi ilikuwa nini na ilifanyika lini, mteja anasema nini kimekosewa, anadai kiasi gani, umejua lini. Ambatisha imeili yake na mkataba wenu. Usiandike hukumu juu yako mwenyewe. Sentensi kama "nilisahau kujumlisha mistari mitatu" usiiweke, weka "mteja anadai kwamba jumla haikuchukua mistari mitatu". Hapo hujaficha kitu, umeeleza kinachodaiwa, ukweli wa nani alifanya nini utaelezwa vizuri baadae faili likishaangaliwa. Tuma kwenye anuani iliyoandikwa kwenye bima kwa ajili ya taarifa za madai na udai jibu kwamba wamepokea. Kumwambia broka kwa simu halafu ukaamini yameisha, hapana, kama broka akisahau kupeleka mbele utaanza kesi ya pili na broka.

Sasa mteja. Kukaa kimya wiki nzima nako kunamchemsha, kwa hiyo mjibu, ila jibu la kushikilia nafasi tu. Mi huwa nawapa watu maneno karibu na haya:

"Nimepokea imeili yako ya tarehe fulani na naichukulia kwa uzito. Naipitia kazi yote pamoja na watu wanaohusika na nitakujibu kwa ukamilifu. Wakati huo naomba unitumie nakala ya faili lililotumika kuandaa bei iliyopelekwa, pamoja na maelezo ya namna ulivyofikia kiasi unachodai. Naomba pia uendelee kuchukua hatua zozote za kupunguza gharama upande wako."

Basi, usiongeze. Hakuna "samahani kwa kosa langu", hakuna "tutaelewana", hakuna ahadi ya tarehe ya malipo. Bima karibu zote zina kipengele kinachosema usikubali kosa, usiahidi malipo, usipatane bila ridhaa yao, na sababu yake inaeleweka, wao ndo watakaolipa kwa hiyo hawataki ufunge goli kwao kabla mechi haijaanza. Ukivunja, wanaweza kukataa au kupunguza, inategemea na sheria ya ulipo na madhara uliyowasababishia, ila kwa nini ujiweke huko. Kumwambia binadamu mwenzio "pole kwa usumbufu huu unaokupata" sio kukiri, hiyo ruksa. Na usimtajie kwamba una bima, sio siri ya dola, ila mteja akijua kuna mfuko mkubwa nyuma yako namba yake huwa haishuki tena, na baadhi ya bima zenyewe zinakukataza kusema.

Tahadhari hiyo hiyo kwenye wasapu. Ujumbe uliomtumia rafiki yako usiku, "mzee nimeharibu, nimeua zabuni ya watu," unaweza kuja kuombwa kama ushahidi mambo yakifika mbali. Usiufute, kufuta ni kubaya zaidi, acha tu kuandika mengine. Na kama ile meseji kujifuta zenyewe imewashwa kwenye maongezi yako na mteja, izime leo.

Hapa nataka tukae kidogo maana ndo pana uhondo. Faili la eksel. USILIFUNGUE ukarekebisha fomula, najua mkono unakuwasha. Ukihifadhi tu, tarehe ya mwisho ya kubadilishwa inakuwa ya leo na itaonekana kama umechezea. Chukua nakala, fungua nakala, lile la asili liache pale pale, na lile uliloambatisha kwenye imeili siku ya kukabidhi ndo dhahabu kwa sababu hilo halibadiliki. Sasa kwenye nakala nenda kwenye seli ya jumla uangalie kilichoandikwa. Nadhani utakuta kitu kama hiki:

```
=SUM(F4:F61)
```

na gharama zinaishia mstari wa 64. Swali la maana sio kwa nini fomula imeishia 61, swali ni mistari ya 62 mpaka 64 iliingia lini na nani aliiingiza. Eksel ukiingiza mstari katikati ya hiyo safu, fomula inapanuka yenyewe. Ukiongeza mwishoni, chini ya 61, inaweza isipanuke, ikabaki pale pale na namba zinaonekana kabisa kwenye jedwali lakini hazihesabiwi. Hili kosa nimekutana nalo mara nyingi mno, na karibu mara zote mistari ya mwisho iliongezwa baadae, na mtu wa pili, kwa haraka, usiku wa kuamkia kupeleka. Kama faili uliloambatisha siku ya kukabidhi lina mistari mpaka 61 tu, basi hiyo mitatu aliiweka mteja au mtu wake, na kesi yako inabadilika sura yote. Kama uliiweka wewe kwa ombi lake la dakika za mwisho, tafuta huo ujumbe wa ombi. Na kama ilikuwepo tangu mwanzo, haya, umekosea, bado mambo hayajaisha, twende kwenye hasara.

Mteja anakudai 49,500, yaani 445,500 toa 396,000. Kwa macho inaonekana haki, bei sahihi toa bei iliyopelekwa. Lakini fidia haihesabiwi hivyo. Fidia inauliza, je, kosa lisingetokea, mteja angekuwa wapi leo? Na hapa jibu linachekesha kidogo, kwa sababu angepeleka 445,500 asingeshinda, wa pili alikuwa 420,000 (nachukulia zabuni ilikuwa inakwenda kwa bei ya chini, kama kulikuwa na maksi za ubora hesabu inabadilika). Kwa hiyo bila kosa lako angekuwa hana mkataba, hana faida, hana hasara, sifuri. Na kwa kosa lako yuko wapi? Ana mkataba wa 396,000 na gharama za kuutekeleza ni 405,000, hiyo 405,000 nimeipata kwa kugawa 445,500 kwa 1.1, maana ile faida ya asilimia 10 imewekwa juu ya gharama. Anapoteza 9,000. Kutoka sifuri kwenda hasi 9,000, hiyo ndo hasara ambayo kosa limesababisha. Ile 36,000 aliyokuwa anaiota kama faida kwenye bei ya 396,000 wala isingekuwepo.

Wakili wake akiwa mzuri atakuja na hoja ya pili. Atasema mteja wake angeona namba sahihi 445,500 angejua ni kubwa, angepunguza faida akapeleka tuseme 419,000 na angeshinda. Hapo bila kosa angekuwa na faida ya 14,000, na sasa ana hasara ya 9,000, tofauti 23,000. Inawezekana? Labda, lakini siku ya kupeleka hakujua bei ya mwenzake, kwa nini apunguze? Angetakiwa kuonyesha zabuni zake za nyuma kwamba huwa anashusha mpaka faida ya asilimia 3 na kidogo. Kwa hiyo mabishano ya kweli yako kati ya 9,000 na 23,000, na hata hiyo ya juu huwa inapigwa mkasi kwa sababu ni nafasi tu ya kushinda, hakuna uhakika. Unaona sasa kwa nini sikutaka uandike "nitalipa tofauti yote"? Ungekuwa umejifunga kwa 49,500 kwa kitu chenye thamani isiyofika hata nusu yake.

Na bado kuna kupunguza madhara. Mtu aliyepata hasara hakai akaiangalia ikue. Kama kwenye ile mitatu kuna mstari wa usafirishaji na angeweza kupata msafirishaji wa bei nafuu, anatakiwa ajaribu, akikataa kwa makusudi sehemu hiyo haiwi yako. Ndo maana ile sentensi ya mwisho kwenye jibu nimeiweka. Halafu kuna swali la nani alitakiwa kukagua bei kabla ya kusaini barua ya zabuni, kama yeye ana mhasibu aliyeipitia na kuweka saini, hoja hiyo inapunguza sehemu yako ingawa haikufuti.

Mkataba wenu usome kwa vitu viwili tu. Cha kwanza, kuna kifungu kinachoweka kikomo cha unacholipa? Wengi wetu tunaandika "dhima haitazidi ada iliyolipwa" tunasahau tumeiandika, na kama ipo na inasimama kisheria basi tunaongelea 3,000 au 6,000 na sio 23,000. Cha pili ni kinyume chake, je, uliahidi zaidi ya kawaida? "Nahakikisha usahihi wa asilimia mia" au "nitalipa faini ya kiasi fulani kwa kila kosa". Bima hii inakulinda kwa uzembe wa kitaaluma, yaani pale ulipokosa umakini ambao mtaalamu wa kawaida wa kazi hiyo angekuwa nao. Ukijibebesha kwa mkataba mzigo ambao usingekuwa nao kwa uzembe wa kawaida, ile ziada huwa inatolewa nje. Nimeona mtu kapigwa hapo kwa sentensi moja ya mbwembwe aliyoiweka kwenye pendekezo ili aonekane serious kuliko wenzake, daah.

Wakati uko kwenye makaratasi angalia pia shughuli yako imeandikwaje kwenye bima. Kama ulijisajili "mafunzo ya kompyuta" na hii ni kazi ya kukokotoa bei za zabuni, wataiuliza. Bora uliulize wewe kwa broka mapema, uwe na ile profaili au imeili ya mwanzo uliyomweleza unachofanya.

Pesa sasa. Tuseme bima wameteua wakili, wamebishana wiki kadhaa, wakapatana na mteja kwa 16,000, na wakili kala 5,000. Tuseme eksesi yako, ile sehemu ya kwanza unayobeba mwenyewe, ni 2,500. Wewe unatoa 2,500, wao wanatoa 13,500 ya mteja na 5,000 ya wakili. Hapo kuna mitego miwili midogo. Bima nyingine eksesi inaanza kuliwa na gharama za wakili pia, kwa hiyo hata dai likifa bila mteja kupata kitu wewe unaweza kulipa 2,500. Na nyingine gharama za wakili zinakula ndani ya kikomo cha bima badala ya kulipwa juu yake, kwa dai dogo kama lako haisumbui, kwa kubwa inaumiza. Na wakili usimwajiri mwenyewe kabla hawajaridhia, bili ya wakili uliyemchukua kimyakimya mara nyingi inabaki kuwa bili yako.

Ambacho hawatalipa ni ada yako. Hii watu inawachanganya kila siku. 3,000 ambayo mteja kagoma kulipa ni deni lako la biashara, bima haikulipii invoisi. Na ile 3,000 aliyokwisha kulipa, ukimrudishia hiyo nayo ni yako, kurudisha ada kwa kawaida kumetolewa nje ya bima. Kwa hiyo mpango wako wa "namrudishia ada yaishe" ulikuwa ni kulipa kitu pekee ambacho bima haigusi, ukiwa umeharibu kile ambacho ingegusa, na mteja angeichukua 3,000 na bado kesho akadai iliyobaki kwa sababu hakuna karatasi aliyosaini. Invoisi yako isamehe au idai kupitia mapatano, waambie watu wa bima kwamba invoisi hiyo ipo, mara nyingi inawekwa kwenye meza kama sehemu ya kumalizia, mteja anapata 16,000 na yako 3,000 inafutwa au inakatwa humo. Ila usianze kumkimbiza kwa hiyo 3,000 sasa hivi bila kuwauliza. Madai mengi ya uzembe niliyoyaona yalizaliwa siku konsaltanti alipotuma barua kali ya kudai invoisi, mteja aliyekuwa anasuasua akaamua kutafuta kosa.

Baada ya taarifa usishtuke wakikuandikia kwamba wanahifadhi haki zao. Maana yake ni kwamba wanaendelea kuangalia bila kukubali kwamba bima inagusa, hiyo ni barua ya kawaida, haijakataa. Jibu maswali yao yote, kwa ukweli, hata yale yanayokuuma. Kwao unatakiwa kusema ukweli mzima, ikiwa ni pamoja na "ndiyo, mistari mitatu niliiweka mimi", ule ukimya niliokwambia ni wa kwa mteja. Wanaweza kutaka kumaliza kwa kulipa wakati wewe unaona huna kosa na unataka jina lako lisafishwe. Soma kama bima yako inasema ukikataa mapatano waliyoyapendekeza, basi zaidi ya kiasi hicho unabeba wewe. Kama ipo, kiburi chako kina bei na imeshaandikwa.

Kuhusu primiamu kupanda, sitakudanganya, inaweza kupanda, hasa kama watalipa. Dai lililotajwa likafa bila malipo huwa lina uzito mdogo zaidi. Ila ulinganishe na nini? Hata ikipanda maradufu kwa mwaka mmoja au miwili kwa kawaida haifiki 23,000 pamoja na wakili. Na ukiamua kuhama kampuni ili ukimbie historia, fomu ya kampuni mpya ina swali lile lile, na ukihama hakikisha ile tarehe ya kurudi nyuma inahama na wewe, isianze upya, maana kazi zako zote za miaka hii miwili zitabaki bila mwenyewe.

Kwenye fomu ya kuhuisha utakayoijaza baada ya wiki tatu, pale kwenye swali la jambo linaloweza kuzaa dai, andika ndiyo, na chini yake mstari mmoja: "Dai la mteja kuhusu jedwali la bei ya zabuni, limetolewa taarifa chini ya bima inayoisha," uweke tarehe uliyotoa taarifa na namba ya dai waliyokupa. Namba hiyo huna bado, kwa hiyo piga simu.